Bei ya "Badilisha Kidogo Tu"

Muulize mchoraji wa kidijitali bei ya picha ya watu wawili, naye atakutajia ukubwa: kichwa na mabega bei yake, mwili mzima bei yake, ukitaka mandhari nyuma unaongeza. Orodha ya namna hiyo ni rahisi kusoma na wateja huipenda. Tatizo ni kwamba haigusi mambo mawili yanayoamua kama kazi italipa au itamla mchoraji: mteja anaweza kubadilisha mara ngapi na katika hatua ipi, na picha ikishatoka itatumika wapi. Mambo hayo mawili nitayapigia hesabu kwa mfano wa mchoraji mmoja wa Mombasa anayechora picha za oda na kuuza pakiti za stika. Bei zote hapa ni za mfano, na kila msomaji aweke zake. Kinachofaa kuangaliwa ni uwiano.

Tuanze na saa moja ya kazi. Mchoraji wetu anahitaji shilingi 40,000 kwa mwezi za kodi ya nyumba, chakula, nauli na bima. Intaneti inamla 3,000 na stima 1,500. Tableti ya kuchorea aliinunua kwa 18,000 na kompyuta ya mtumba kwa 45,000, na anatarajia zimfikishe miaka 3, kwa hiyo kila mwezi vifaa hivyo vinachakaa kwa shilingi 1,750. Anachorea Krita, programu ya bure. Kuhifadhi nakala za kazi, vocha za simu na madogo madogo mengine tuyape 1,250. Jumla ni 47,500.

Akifanya kazi siku 22 za saa 8, mwezi una saa 176. Hapo ndipo wengi hukosea, kwa sababu hugawanya kwa 176 na kupata saa ya shilingi 270. Lakini saa nyingi hazina wa kuzilipia: kuna wateja wanaouliza bei kisha wakapotea, kuna kutafuta kazi mpya, kuna kujifunza, kuna stima kukatika. Tuseme zinabaki saa 95 ambazo zinaingia kwenye kazi ya mtu aliyelipa. Gawanya 47,500 kwa 95, saa moja inamgharimu shilingi 500 kabla hajapata hata senti ya akiba. Akiongeza 100 kwa ajili ya miezi mibaya, bei yake ni 600 kwa saa. Tutakwenda nayo hiyo hadi mwisho.

Sasa ije oda. Bibi na bwana wanaokaribia kufunga ndoa wanataka picha yao, kichwa na mabega, kwa rangi, ya kutuma kwenye mialiko. Kusoma maelezo na kukagua picha walizotuma ni saa 1. Rasimu, saa 2. Mistari safi juu ya rasimu, saa 2 na nusu. Rangi na vivuli, saa 3. Kutayarisha faili, nusu saa. Mazungumzo yote ya simu, kutoka "habari yako" hadi "nimepokea", saa 1. Na usidhani nimezidisha. Hizo ni saa 10, yaani shilingi 6,000.

Bibi harusi akitazama rasimu na kusema kichwa chake kiinamie upande wa mumewe, mchoraji anakikata, anakizungusha, anarekebisha shingo. Dakika 20 zinatosha, na gharama ni shilingi 200. Ombi hilo hilo likija baada ya mistari safi, shingo, kola na nywele zinachorwa upya, na hiyo ni saa moja na nusu, shilingi 900. Likija baada ya rangi, mwanga uliokuwa unaangukia shavu la kushoto sasa unaangukia la kulia, kivuli cha mtandio kimehama, na tabaka zote za sehemu hiyo ya picha zinaguswa. Saa 3, shilingi 1,800. Maneno ya mteja hayajabadilika hata herufi moja, lakini gharama imepanda mara tisa.

Kwa sababu hiyo, kikomo kinachosema tu "marekebisho mara 3 bure" hakimlindi mchoraji. Mteja mstaarabu kabisa anaweza kuyaweka akiba yote matatu hadi picha imekamilika, na hajavunja sharti lolote. Kikomo chenye maana hufungwa kwenye hatua. Mimi ningekiweka hivi: mikupuo 2 ya marekebisho kwenye rasimu, ambapo mteja ana ruhusa ya kubadilisha chochote, pozi, nguo, hata mpangilio mzima, mkupuo 1 baada ya rangi, na huo ni wa rangi peke yake, si wa umbo, baada ya hapo kila badiliko lina bei. Kwenye rasimu uwe mkarimu kwa sababu ukarimu huo hautafuni muda mwingi, na mteja aliyesikilizwa mapema mara nyingi hana la kusema mwishoni.

Tazama kinachotokea bila kikomo. Picha imekwisha, na mteja anataka vitu vinne vidogo kwa siku nne tofauti: pua, kisha tabasamu, kisha shela, kisha mandhari. Kila kimoja kinachukua saa moja na nusu ukihesabu kufungua faili, kubadilisha, kutoa nakala, kutuma na kusubiri jibu. Saa 6 zimeongezeka, kazi ya saa 10 imekuwa ya 16, na 6,000 ukiigawanya kwa 16 unapata 375. Saa yake yeye mwenyewe inamgharimu 500. Maana yake mchoraji huyu amechangia harusi shilingi 2,000 na hakuna kamati iliyomwandika.

Neno "mkupuo" nalo lazima lielezwe ndani ya fomu ya oda anayoijaza mteja. Mkupuo ni orodha moja ya mabadiliko yote, kwa maandishi, iliyotumwa ndani ya siku 3 tangu mteja aonyeshwe kazi. Jumbe za sauti 11 zilizoachwa usiku kucha si mkupuo, ingawa zinaweza kuwa mwanzo wake: mchoraji huzisikiliza, huziandika orodha, humrudishia mteja na kumuuliza kama ndiyo yote. Pia kuna jambo ambalo halihesabiwi hata kidogo, nalo ni kosa la mchoraji. Fomu ikisema koti ni la bluu naye akalipaka kijivu, hilo analirekebisha bila kugusa haki ya mteja. Kwa hiyo fomu humlinda mteja pia, na ni vizuri ajue.

Dalili ya oda itakayoharibika huonekana mapema. Ya kwanza ni sifa isiyoonyeshwa kidole: "ifanye iwe na uhai zaidi," "mrembeshe kidogo." Usichukue kalamu. Uliza ni sehemu gani, na uombe picha ya mfano wa anachokitaka. Ya pili ni kuingia kwa msemaji mpya. Rasimu imekubaliwa Jumatatu, Alhamisi unasikia, "Mama yake ameiona, anasema sivyo." Mama ana haki ya kuwa na maoni, tena kwetu pengine ana haki kuliko wote, ila fomu ingepaswa kumuuliza mteja tangu siku ya kwanza ni nani mwenye kauli ya mwisho, ili mama aione rasimu wakati kubadilisha bado kunagharimu shilingi 200.

Fomu yenyewe haina haja ya kuwa ndefu. Kila swali liwepo kwa sababu kuna fedha linazozilinda. Swali lisilolinda kitu ulifute. Kwa oda ya maharusi wetu, sehemu yenye uzito ingesomeka hivi:

"Kazi: picha ya watu wawili, kichwa na mabega, rangi kamili, mandhari ya rangi moja. Nguo: kanzu nyeupe na koti jeusi, gauni la kijani na mtandio wa dhahabu. Faili: PNG moja, pikseli 3000 kwa 3000.
Anayekubali kazi: mteja aliyejaza fomu hii, peke yake.
Marekebisho: mikupuo 2 kwenye rasimu, mkupuo 1 wa rangi. Zaidi ya hapo ni shilingi 600 kwa saa, isiyopungua nusu saa, na bei itatajwa kabla kazi haijaanza.
Malipo: 3,000 kabla ya rasimu, 3,000 kabla ya kupokea faili kamili. Malipo ya kwanza hayarudishwi rasimu ikishatumwa.
Picha ulizotuma: nani alizipiga, na je, ameruhusu zitumike?
Matumizi: angalia upande wa pili."

Swali la nani alipiga picha huwashangaza wateja. Picha ya studio ina mwenye hakimiliki wake, na mchoraji akiifuata pozi kwa pozi, mwanga kwa mwanga, anaweza kuulizwa maswali asiyokuwa na majibu yake. Picha tatu za simu zilizopigwa na ndugu, kutoka pembe tofauti, humfaa kuliko moja nzuri ya studio, na humpa uhuru wa kubuni pozi lake.

Malipo ya kwanza ya 3,000 nayo hayakuokotwa hewani. Hadi rasimu inapotumwa, mchoraji ametumia saa 1 ya kusoma maelezo, saa 2 za kuchora na kama nusu saa ya mazungumzo. Hizo ni saa 3 na nusu, shilingi 2,100. Mteja akighairi hapo, mchoraji hajapoteza, na kilichobaki cha 900 kinafidia nafasi aliyoizuia kwenye ratiba. Asilimia 30 ingekuwa 1,800, na isingefikia 2,100 za saa alizokwisha kuzifanya. Kabla ya kutoa faili kamili aangalie salio kwenye simu yake mwenyewe. Ujumbe wa M-Pesa uliotumwa mbele na mteja, au uliotoka kwenye namba ya kawaida ya simu, si malipo, hata ukiwa umeandikwa kwa ufasaha namna gani.

Stika ni biashara nyingine kabisa, ingawa kalamu ni ile ile. Picha ya oda huuzwa mara moja kwa bei ya saa zake zote. Pakiti ya stika huchorwa mara moja na kutarajiwa kuuzwa mara nyingi, na matarajio hayo ndiyo ya kupimwa.

Vipimo kwanza, maana vinaamua mtindo wa kuchora. WhatsApp ilianza kupokea stika mwaka 2018. Kila stika ni mraba wa pikseli 512 kwa 512, faili ya WebP yenye mandhari wazi, na isiyosogea haitakiwi kuzidi kilobaiti 100. Inayosogea inaruhusiwa hadi 500. Pakiti moja ina stika 3 hadi 30, na ikoni yake ndogo ni pikseli 96 kwa 96. Kilobaiti 100 zinatosha sana kwa rangi bapa na mistari minene. Ukitia chembechembe za brashi na rangi zinazofifia polepole, faili inavuka mpaka, unaibana, na kingo zinaanza kuchafuka. Anayependa mtindo wa kupaka kama rangi ya mafuta ajue kwamba atalipia upendo huo kwa saa za kubana faili.

Halafu kuna ukingo mweupe. Stika huonekana juu ya mandhari ya mtumiaji, na simu nyingi siku hizi zimewekwa hali ya giza. Maandishi meusi ya "Pole sana" yasiyo na ukingo mweupe hupotea kabisa humo. Kipimo cha kweli ni kuituma stika kwenye simu ya bei rahisi, uishike umbali wa mkono, uione kwenye mandhari nyeupe na nyeusi. Ukilazimika kukaza macho kusoma, punguza maneno. Mawili yanatosha, na uso wa mhusika ufanye kazi iliyobaki.

Pakiti ya stika 20 inakwenda hivi: kuchagua misemo na hali ni saa 3, kumbuni mhusika na kumchora pande zake zote, saa 4, stika zenyewe kwa dakika 45 kila moja, saa 15, kukata, kuweka kingo na kubana faili, saa 3, kuzijaribu kwenye simu, saa 1. Saa 26, shilingi 15,600. Mchoraji anasema ataiuza kwa shilingi 100, bei ya soda mbili hivi, na watu 156 watarudisha gharama. Mtu ana marafiki 2,000 mtandaoni, watu 156 ni nini?

Ni wengi kuliko anavyodhani, kwa sababu 100 haimfikii yote. WhatsApp haina mahali ambapo mchoraji anaweka bei kwenye pakiti na mnunuzi akalipa humo humo. Mnunuzi anatuma pesa, mchoraji anahakikisha zimeingia, anatuma stika, anaeleza jinsi ya kuzihifadhi, anajibu "hazifunguki." Hata ikichukua dakika 5 tu kwa kila mtu, dakika 5 za saa ya shilingi 600 ni shilingi 50. Nusu ya bei imekwenda kwenye huduma. Zinazobaki ni 50 kwa kila mnunuzi, na 15,600 ukiigawanya kwa 50 unahitaji wanunuzi 312, mara mbili ya hesabu ya kwanza. Na hapo bado hatujasema jambo lililo wazi kwa kila mwenye simu: stika ikishatumwa kwenye kundi la familia, yeyote aliyemo anaigusa na kuihifadhi bila kulipa. Mnunuzi wa kwanza ndiye msambazaji wako wa bure, na huwezi kumlaumu, maana stika imetengenezwa itumwe.

Mahali ambapo soko limejengwa ndani ya programu, mambo huwa tofauti. LINE, inayotumika sana Japani, Thailand na Taiwan, ilifungua soko la wachoraji mwaka 2014. Pale pakiti ina stika 8, 16, 24, 32 au 40, mnunuzi hulipa humo humo, na kwa mgawo uliotangazwa mchoraji hupata nusu ya kinachobaki baada ya duka la programu kukata asilimia 30, yaani kama 35 katika kila 100. Anakatwa sana, lakini hatumii dakika 5 kwa kila mteja. Kwa watumiaji wetu walio WhatsApp, mlango huo haupo.

Njia mbili ndizo ninazoona zinalipa huku. Ya kwanza ni kuzichapa. Karatasi ya vinaili ya A3 ina milimita 420 kwa 297. Stika za sentimita 6 zenye nafasi ya nusu sentimita kati yake zinaingia 6 kwa 4, jumla 24, zinazotosha pakiti 4 za stika 6. Kuchapa na kukata karatasi hiyo kukiwa 400, pakiti moja ni 100. Ongeza 10 ya mfuko, uiuze 250, unabakiwa na 140. Michoro 6 na matayarisho ya kukata ikichukua saa 11, ni shilingi 6,600, na inahitaji pakiti 48 kurudi. Hizo ni karatasi 12 kamili. Stika ya vinaili ikibandikwa kwenye kompyuta ya mtu haihifadhiwi na jirani kwa kidole. Ila anza na karatasi 1, uimwagie maji na kuisugua kwa ukucha kabla hujalipia 11 zilizobaki. Wino usiofunikwa kwa plastiki huchubuka, na stika ya chupa ya maji hurudishwa wiki hiyo hiyo.

Njia ya pili ni kumwacha mtu binafsi atumie bure na kumtafuta mwenye sababu ya kutaka zisambae. Mkahawa mmoja wa Mombasa, wa kubuni kwa ajili ya hesabu hii, unauza mahamri, mbaazi na kahawa. Unataka mhusika wake awe dele la kahawa lenye macho na mikono, na stika 20: dele linamwaga kahawa, dele limechelewa linakimbia, dele limelala Jumapili. Kusambaa kule kulikokuwa hasara kwa mchoraji anayeuza mia mia ndiko mkahawa unakokulipia. Kazi ni 15,600. Juu yake mchoraji anaweka 4,400 za ruhusa ya matumizi ya miezi 12 kwenye mazungumzo na kurasa za mkahawa. Shilingi 20,000, mteja mmoja, ujumbe mmoja wa M-Pesa.

Miezi mitatu baadaye mkahawa unachapa dele lile kwenye fulana 500 na kuziuza kwa 900. Ni mauzo ya shilingi 450,000. Je, mchoraji ana chake?

Jibu liko upande wa pili wa fomu, na kama upande huo ni mtupu, Kenya jibu ni baya. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, kifungu cha 31, inasema kwamba kazi iliyoagizwa na mtu asiye mwajiri wa msanii huchukuliwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa kama wawili hao wamekubaliana vinginevyo. Yaani ukinyamaza, umetoa. Wachoraji wengi huchukua fomu za Kimarekani au za Kiingereza mtandaoni na kuzitafsiri. Fomu hizo zinaweza kunyamaza juu ya umiliki bila madhara makubwa, kwa kuwa Uingereza msanii wa kujitegemea hubaki na hakimiliki yake asipoihamisha kwa maandishi, na Marekani kwa kawaida ni hivyo hivyo. Ukiileta fomu ile ile Mombasa, nafasi iliyoachwa wazi inasomeka kinyume. Sentensi moja ndiyo inayogeuza hali:

"Hakimiliki ya michoro yote inabaki kwa mchoraji. Mteja anaruhusiwa kuitumia kwenye mazungumzo na kurasa zake za mtandao kwa miezi 12. Kuchapa kwenye bidhaa ya kuuza kunahitaji ruhusa nyingine ya maandishi na malipo yake."

Sheria hiyo hiyo inataka uhamisho wa hakimiliki, na ruhusa ya mtu mmoja peke yake, uwe wa maandishi na uwe na sahihi ya anayetoa. Ruhusa ya kawaida, isiyowafungia wengine mlango, inaweza kuwa hata ya mdomo, lakini ya mdomo ni shida kuithibitisha. Kwa hiyo fomu ijazwe, iwekwe majina na tarehe, itiwe sahihi, kila mmoja abaki na nakala, na malipo ya kwanza yaje baada ya hapo.

Kwa maharusi upande wa pili ni mfupi na mpole: wachapishe mialiko, waitundike sebuleni, waiweke mtandaoni wapendavyo, wasiiuze tu, wala wasimpe mtu aiuze. Ruhusa hiyo imo ndani ya 6,000. Kuwatoza maharusi pesa za ziada kwa kadi zao wenyewe ni uchoyo usio na faida. Swali moja la kuwauliza ni kama mchoraji anaweza kuionyesha picha yao kwa wateja wengine, na wakikataa, iwe imekataliwa.

Kwa mkahawa, fulana zina bei. Ukidai asilimia 5 ya mauzo, 450,000 inakupa 22,500, zaidi ya pakiti nzima. Lakini huna njia ya kukagua daftari la mkahawa, na kila mwezi utakuwa unauliza zimeuzwa ngapi. Afadhali kuigeuza asilimia ile kuwa shilingi 45 kwa kila fulana inayochapwa, ilipwe kabla ya kuchapa, kwa idadi iliyo kwenye risiti ya mchapaji. Fulana 500 ni 22,500 zile zile, bila kuvutana. Mkahawa ukitaka dele liwe lake moja kwa moja, bila kuulizana tena, mimi ningeanzia mara tatu ya bei ya pakiti, shilingi 60,000, kwa uhamisho uliotiwa sahihi. Kwa fulana 500 bei hiyo itaonekana kubwa. Kwa mkahawa unaofikiria kufungua tawi la pili, vikombe na mabango, si kubwa.

Limebaki swali la miezi 12 inapokwisha. Stika zilizo kwenye simu za watu hazirudishwi, na sharti linalomtaka mteja azifute zote haliwezekani kutekelezwa na mtu yeyote. Ruhusa inayoisha inafaa iseme mkahawa utaacha kufanya nini: kutoa pakiti kwa watu wapya, kulitumia dele kwenye matangazo mapya, kuliweka kwenye ukurasa wake. Zilizokwisha kusambaa ziendelee kusambaa. Na bei ya kuongeza mwaka mwingine, zile 4,400, iandikwe tangu siku ya kwanza, kwa sababu dele likishazoeleka Mombasa nzima, mchoraji atatamani kuipandisha na mkahawa utasema bei iliyokubaliwa ni ile ya zamani.